Kaa au taa?

"Mtoto wa miaka 5 anaita kaa 'taa'. Shida ni utamkaji, yaani kuunda sauti kinywani, au mfumo wa sauti, yaani anavyozipanga sauti katika maneno?"

Usiamue kwa neno moja. Mwonyeshe picha nyingi bila kumtajia majina, uandike kila sauti ilivyotoka. Kama k inageuka t, na g nayo inageuka d hadi gari na dari vinasikika sawa, basi kundi zima la sauti za nyuma ya kinywa linasogezwa mbele. Hapo ni mfumo. Tatizo la utamkaji kwa kawaida huharibu sauti ileile kwa namna ileile, mfano s inayotoka ulimi ukiwa katikati ya meno. Neno bado unalitambua.

— Si aigize tu "ka"? Akiweza, ni mfumo.

— Inasaidia, ila asipoweza hujathibitisha kitu. Wapo wenye shida ya mfumo ambao k hawaiwezi hata kwa kuiga. Na masikio yapimwe mapema.

— Wangu anasema "karamu" kwa kalamu, kama bibi yake.

— Hiyo ni lafudhi ya nyumbani, usiihesabu kosa.

— Na akiwa na shida zote mbili, ya utamkaji na ya mfumo?

— Hutokea. Andika zote.