Ndoto ya malaika na daftari la dagaa: yaliyonikuta Igombe

"Wakuu, nimeota naongea na Mungu, pembeni yake kasimama malaika, nikaamka nalia. Leo siku ya nne kazi haziendi kabisa, nawaza niache kazi nimtumikie. Mliowahi kuota hivi mlifanyaje?"

Mdogo wangu pole, na hongera pia, nakupa vyote viwili maana hiyo hali naijua. Mimi nanunua dagaa Igombe huku Mwanza naanika halafu napeleka kuuza Mwaloni pale Kirumba. Wanaoijua hii kazi wanajua kipindi cha giza hakuna kulala, mitumbwi inashinda ziwani usiku kucha na taa, wewe mnunuzi alfajiri uwe mchangani na ndoo zako, jua likitoka unaanika unageuza, ukija kupata masaa matatu ya usingizi ushukuru. Mwezi ukishakuwa mkubwa ndo watu wanapumzika kwa sababu mbalamwezi inaua mwanga wa taa, dagaa hawakusanyiki.

Ndoto yangu ilikuja usiku wa pili wa mapumziko hayo. Nililala mapema sana, karibu na alfajiri nikajiona nimesimama mchangani ila ziwa limetulia kama kioo, hakuna hata wimbi, na juu ya maji kuna mtu amesimama mweupe, ana mwanga kama taa za dagaa lakini hauumizi macho. Akaniita jina la utotoni ambalo bibi yangu peke yake ndo alikuwa analitumia na bibi keshafariki miaka mingi. Akasema "nakuona". Halafu akasema "rudi". Bas, nikaamka.

Nilitetemeka mikono hadi nikashindwa kuwasha kiberiti. Sikuwa na hofu ya kukimbia, ilikuwa hofu ile ya mtoto akibebwa juu sana na baba yake. Nikatoka nje nikaangalia ziwa nikaona kama nilikuwa sijawahi kuliangalia, na kwa siku tatu hivi nikisikia mtu anapiga kelele naona kama ananivunjia kitu ndani. Kwa hiyo hiyo hali ya kazi kutokwenda naielewa, usijilazimishe iishe leo. Kwangu ilikaa kama wiki ikaanza kupungua yenyewe.

Sasa kitu kilichonisaidia, na nakiri kilitokea tu kwa sababu daftari la hesabu za dagaa lilikuwa karibu na kitanda, niliandika palepale kabla sijaongea na mtu. Niliona nini, nilisikia maneno gani, nilijisikiaje. Mistari sita haifiki. Nikafunga nikaendelea na siku yangu.

Kosa likafuata hapo. Nilianza kusimulia. Nikamwambia shoga yangu, akauliza alikuwa na mabawa? Nikasema nadhani yalikuwepo. Nikasimulia kwenye maombi, mmoja akauliza hakukutaja huduma? Nikajibu "alisema rudi, nadhani ni rudi kwenye utumishi". Kuna mtu anayejiita nabii akasema hiyo rudi maana yake nitoke kwenye biashara ya ziwani, niuze injini ya mtumbwi tuliyonunua na kaka yangu kwa kuchanga, na sadaka ya kufungua njia nimpelekee yeye. Na mimi nikakubali moyoni aisee, yani ilipofika siku ya kumi nilikuwa nasimulia malaika mwenye mabawa aliyeniambia uza injini unifuate, na naliona kabisa kichwani likitokea vile. Sikuwa nadanganya. Kaka yangu ndo aliniuliza, si uliandika? Nikafungua daftari. Hakuna mabawa. Hakuna injini. Hakuna nifuate. Kuna nakuona na rudi.

Nililia siku hiyo kuliko siku ya ndoto, maana niliona nilikuwa nakaribia kubadilisha alichoniambia nikaweka maneno ya watu. Kumbukumbu ya ndoto ni laini sana, kila ukisimulia na kila ukiulizwa swali unaijenga upya bila kujua. Jirani yangu Muislamu, mama mtu mzima, aliniambia wao wamefundishwa ndoto njema unamwambia yule unayempenda tu, hutangazi. Na kwenye Biblia Yusufu aliwasimulia kaka zake, ikawa chuki. Kwa hiyo chagua mtu mmoja, awe asiyefaidika na chochote utakachoamua. Ukiona mtafsiri anataja hela, mali yako, au anakuambia ufanye haraka, huyo muache.

Kuna daktari nilimweleza baadaye akaniambia ndoto nzito zinakuja kwenye ile hatua ya usingizi macho yanapochezacheza chini ya kope, inarudi kama kila dakika 90 na inakuwa ndefu kuelekea asubuhi, na mtu aliyekosa usingizi siku nyingi akipata nafasi ya kulala ubongo unalipia deni, ndoto zinakuja kali kuliko kawaida. Nikapiga hesabu, mimi ndo nilikuwa nimetoka kwenye giza zima bila kulala. Wengine wakisikia hivi wanaona ndoto imekufa, mimi hapana. Yakobo naye alikuwa amechoka na safari kalalia jiwe, akaona ngazi na malaika, akaamka anaogopa. Uchovu unaeleza kwa nini nilikuwa wazi usiku ule, hauelezi kwa nini lile jina la bibi.

Ila maelezo ya daktari yalinisaidia nisifanye ujinga mwingine, wa kuitafuta ndoto tena. Nilikuwa nimeanza kufunga na kukesha nikitaka nimuone tena, nikaishia kichwa kuuma na kukasirikia watoto. Nikaacha.

Kuhusu kuacha kazi: jiwekee mwezi mzima bila uamuzi wowote usioweza kurudishwa, usiuze, usiache kazi, usivunje uchumba. Mimi nilihesabu kuanzia mbalamwezi ile hadi iliyofuata. Danieli alipoona maono yake ilibidi augue siku kadhaa, halafu Biblia inasema akainuka akafanya kazi ya mfalme, huku bado anayashangaa. Huo mstari uko Danieli 8:27, usome taratibu. Kugeuza dagaa juani, kuosha ndoo, kupika ugali, hivyo ndo vilinishika miguu chini.

Nikuulize pia, unalala? Kama ni usiku wa tatu hulali na bado una nguvu nyingi na mawazo yanakimbia, au sauti unaisikia mchana ukiwa macho, au inakuamuru usile, uache dawa, ujidhuru au umdhuru mtu, hapo nenda hospitali leo na ndugu yako, Bugando wapo madaktari wa afya ya akili. Utaendelea kumwamini Mungu na dawa unameza. Na kama ulimuona huyo malaika chumbani kwako huku mwili umekufa ganzi kifua kimebanwa, hilo ni jinamizi, linakuja mtu akiwa nusu usingizini, lina maelezo yake mengine.

Lile neno "rudi" sijaliuza kwa tafsiri ya mtu hadi leo. Nilianza kwenda kwa mama kijijini kila mwezi ukiwa mkubwa, maana nilikuwa sijafika miaka miwili na kule ndo kwenye kaburi la bibi. Labda ndo ilimaanisha hivyo, labda bado.

Wewe kabla hujajibu comenti nyingine yoyote hapa, chukua karatasi, andika maneno uliyoyasikia tu, yale yale, weka tarehe. Yakiwa mawili yaache mawili.