Ukiona k inabadilika kila ukibadilisha presha, angalia uso wa kichocheo kwanza

Kuna kosa nililifanya nikiwa mwanafunzi na bado naliona kwa watu wengi ninaowasaidia, kwa hiyo acha nilieleze taratibu. Nilipewa data za amonia inayovunjika kuwa nitrojeni na haidrojeni juu ya waya wa tungsteni ambao ndo kichocheo, joto la nyuzi 856 za Selsiasi, mimi moja kwa moja nikachukua fomula ya oda ya kwanza, yaani ile ambayo kasi inapanda sawasawa na presha ya gesi, kwa sababu ni gesi moja tu inavunjika, si ndo tulivyozoea?

Data ni hizi. Ukianza na amonia ya presha 265 (milimita za zebaki) inafika nusu kwa dakika 7.6, ukianza na 130 inafika nusu kwa dakika 3.7, na ukianza na 58 ni dakika 1.7 tu.

Nikagawanya 0.693 kwa kila muda kupata k, ile namba ya kasi ambayo haitakiwi kubadilika joto likiwa lilelile, nikapata ya kwanza 0.091, ya pili 0.187, ya tatu 0.408. Joto lilelile, waya uleule, alafu k tatu tofauti! Nikadhani nimekosea hesabu nikarudia mara mbili. Kumbe hesabu ilikuwa sawa, fomula ndo haikuwa yake. Kwenye oda ya kwanza muda wa kufika nusu haujali umeanza na gesi kiasi gani, na hapa unajali kabisa, gesi ikiwa nyingi muda unarefuka karibu kwa uwiano uleule.

Sababu iko kwenye uso wa waya. Amonia haivunjiki ikiwa inaelea hewani, inavunjika ikishajishikiza kwenye nafasi za uso, na nafasi hizo zina idadi yake. Mwanakemia Langmuir alituachia njia ya kuhesabu sehemu ya uso iliyokaliwa, na kasi inafuata hiyo sehemu:

```
r = k·K·P / (1 + K·P)
```

Hapo r ni kasi, P ni presha ya gesi, na K inaonyesha gesi inang'ang'ania uso kwa nguvu kiasi gani. Usiikariri hii fomula, weka namba uone inavyofanya. KP ikiwa 0.1 uso umekaliwa asilimia 9 hivi, ongeza presha mara mbili inakuwa karibu 17, yaani kasi nayo imekaribia kuwa mara mbili, hiyo ndo oda ya kwanza. Sasa KP ikiwa 20 uso tayari umejaa asilimia 95, ukiongeza presha mara mbili unafika 98 tu, gesi imejazana lakini haina pa kukaa, inasubiri iliyokaa ivunjike iondoke. Ile 1 chini haina uzito tena, KP ya juu na ya chini zinakatana, inabaki r = k. Presha imetoka kwenye fomula, na hiyo ndo oda ya sifuri.

Rudi kwenye data. Oda ya sifuri inasema muda wa kufika nusu, t, ni P0/(2k), P0 ikiwa presha ya kuanzia, kwa hiyo k = P0/(2t). Ya kwanza inatoa 17.4, ya pili 17.6, ya tatu 17.1, zote milimita za zebaki kwa dakika. Zimekaa pamoja vizuri sana.

Ushauri wangu basi, usihukumu oda kwa jaribio moja. Fanya angalau matatu yenye presha za kuanzia zilizoachana, alafu chora presha ya amonia dhidi ya muda, mistari iwe imenyooka na mteremko uleule. Na kama geji yako inasoma presha ya jumla kumbuka molekuli 2 za amonia zinatoa 4, kwa hiyo jumla inapanda kwa kiasi kilekile amonia ilichoshuka, na nusu inafika jumla ikiwa mara 1.5 ya mwanzo, sio ikishuka.

Mwishoni mwa jaribio mstari utapinda, usishtuke wala usizifute zile pointi. Gesi imepungua, KP imeshuka kuelekea 1, nafasi zimeanza kubaki wazi na unarudi taratibu kwenye oda ya kwanza. Ila k ya oda ya sifuri itoe kwenye sehemu ya mwanzo.

Na haya yote ni pale gesi iliyoshika uso ndo yenyewe inayovunjika. Zikiwa gesi mbili zinazogombania nafasi hizohizo, mambo yanageuka. Monoksidi ya kaboni inapoungana na oksijeni juu ya platini kwenye joto la chini, monoksidi inang'ang'ania sana, oksijeni inakosa pa kukaa, kwa hiyo ukiongeza monoksidi kasi inashuka, haibaki palepale. Kwa hiyo ukiongeza presha ya gesi inayoshika sana na kasi ikatulia, ni oda ya sifuri, ikianza kushuka basi kuna mwenzake amefungiwa nje na fomula ya juu haikufai.