Kapeti la bafuni linaota ukungu na linateleza

Swali: Bafu letu hapa Mombasa ni dogo, shawa haina pazia kwa hiyo sakafu yote hulowa, na dirisha ni lile la juu tu. Nilinunua kapeti nene, laini, lenye mpira chini. Wiki ya tatu likaanza kunuka, nikaligeuza nikakuta madoa meusi. Juzi mama mkwe aliteleza nalo, nashukuru hakuumia. Taulo nazo zinanuka hata zikitoka kufuliwa. Ninunue kapeti la aina gani?

Jibu: Mpe mama pole. Ndani ya bafu hilo usiweke kapeti la kitambaa la aina yoyote, hata la bei kubwa. Makapeti ya namna hiyo yametengenezwa kwa bafu ambamo maji hubaki ndani ya sinki la kuogea au nyuma ya kioo, na sakafu nyingine ni kavu. Sakafu yako hulowa yote, kwa hiyo kapeti linanyonya maji kutoka juu, kwenye miguu, na kutoka chini, kwenye vigae.

Ule mpira wa chini ndio unaoharibu kila kitu. Maji yakishapita kwenye nyuzi hukwama juu yake, na yale yaliyoingia chini yake hayana pa kutokea kwa sababu mpira umefunika kigae. Kapeti linabaki na upande mmoja tu wa kukaukia, na hewa ya pwani yenyewe imeshajaa unyevu. Likikaa bichi siku mbili mfululizo, huku likiwa na mabaki ya sabuni na ngozi, ukungu una chakula na maji, haukosi kitu. Ndiyo maana madoa yanaanzia chini, usipopaona. Makapeti yenye sponji ndani ni mabaya zaidi, kwani ukungu ukishaingia kwenye sponji hautoki kwa kufua. Hilo lako ukiona meusi yameingia ndani ya mpira au sponji, litupe.

Kuteleza nako kunatoka hapohapo. Mpira hushika vizuri kigae kikavu. Pakiwa na utando wa maji ya sabuni katikati, haugusi kigae tena, unaelea. Isitoshe, mpira wa bei nafuu huchakaa kwa maji ya moto, jiki na jua. Ukiukunja ukaona nyufa, au ukiusugua kwa kidole ukaacha unga, uwezo wake wa kushika umekwisha hata kama juu kapeti bado linaonekana jipya.

Kwa hiyo tenganisha kazi mbili ulizokuwa umeliachia kapeti moja: kuzuia kuteleza ni kazi ya kitu cha ndani, na kukausha miguu ni kazi ya kitu cha nje ya mlango.

Ndani, mahali pa kusimama chini ya shawa, weka mkeka wa plastiki laini wenye matundu na vinyonyeo vidogo upande wa chini. Kabla ya kununua, angalia vigae vyako. Vinyonyeo hushika uso laini tu. Kwenye vigae vyenye mikwaruzo, au vile vidogo vidogo ambavyo mistari ya saruji iko kila baada ya sentimita chache, hewa hupenya na mkeka hauna tofauti na karatasi iliyolowa. Sakafu ya namna hiyo inafaa mkeka mzito wa mpira wenye matundu makubwa, ambao hukaa kwa uzito wake. Kuubandika wa vinyonyeo, sugua kwanza sakafu kwa sabuni na brashi, suuza mpaka utelezi uishe, mwaga maji kidogo, uweke mkeka kisha ukanyage kinyonyeo kimojakimoja. Jaribu kwa kuusukuma pembeni kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta. Ukisogea, mama asiukanyage. Na kila siku mtu wa mwisho kuoga aunyanyue kuanzia pembeni, ausuuze upande wa chini na kuutundika. Ukiachwa sakafuni wiki nzima utaota utelezi chini ya vinyonyeo, na utakuwa umerudi ulipoanzia.

Nje ya mlango, pakiwa pakavu, weka kikanyagio cha pamba tupu kisicho na mpira, kilichofumwa kama taulo zito. Cha sentimita 50 kwa 80 kinatosha. Chini yake tandika wavu wa mpira wa kuzuia kuteleza, ule unaouzwa kwa mita kwa ajili ya mazulia, uukate uwe mfupi kuliko kikanyagio kwa sentimita 2 kila upande ili usichomoze. Wavu unabaki sakafuni, kikanyagio kinatundikwa baada ya kila kuoga. Nunua viwili vya kupokezana. Kama huna uhakika kwamba kinakauka, kipime kwa mizani ya jikoni kikiwa kikavu, halafu kesho yake kabla ya kuoga. Gramu 20 au 30 za ziada si tatizo, pamba huvuta unyevu wa hewa tu. Ikifika gramu 100, bado kina maji, kihamishie kwenye upepo.

Tuje kwenye taulo. Tazama lebo, namba ya GSM ni gramu za kitambaa kwa kila mita mraba. Taulo la sentimita 70 kwa 140 lenye 600 lina karibu gramu 590, na lenye 400 lina karibu 390. La 600 linapendeza dukani, lakini masika ya pwani halikauki kabla ya kuoga tena. Chagua la 350 hadi 400. Kikoi au kanga ya pamba vinakauka upesi zaidi ya yote, na waliozaliwa pwani hawahitaji kufundishwa hilo.

Usilitundike kwenye msumari, maana mikunjo yote hukutana mahali pamoja na hapo ndipo harufu inapoanzia. Litandaze kwenye kamba au fimbo, nje ya bafu, liwe tabaka moja. Fimbo ikiwa fupi, acha upande mmoja ushuke zaidi ili tabaka mbili zisigusane mpaka chini. Fua baada ya kutumia mara tatu au nne.

Harufu inayobaki baada ya kufua kwa kawaida ni sabuni nyingi na dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo huacha utando kwenye nyuzi, taulo halinyonyi vizuri na uchafu unabaki ndani. Iache kabisa. Fua mara moja kwa maji ya nyuzi 60 ukitumia nusu ya sabuni uliyozoea, suuza mara mbili, anika juani siku hiyohiyo. Taulo jeupe lenye vidoa vya ukungu liloweke dakika 30 kwenye lita 10 za maji baridi zenye mililita 100 za jiki, kisha suuza sana. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini, na katika bafu lenye dirisha la juu tu gesi hiyo haina pa kutokea.

Pengine dukani wataonyesha pia kikanyagio cha jiwe la diatomia, kile kigumu kinachokauka mbele ya macho yako. Nje ya mlango kinafaa, kikiwa juu ya wavu uleule. Pakijaa mafuta ya ngozi hakinyonyi tena, na wauzaji husema kisuguliwe kwa msasa. Mwezi Desemba 2020 baadhi ya vikanyagio vya aina hiyo viliondolewa sokoni Japani baada ya kukutwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Kama hujui kilitengenezwa wapi, usikisugue kwa msasa.