Watu wawili, kiti kimoja: saa ya Jumatano ndiyo inayobeba kazi

Kwa miaka miwili tuligawana kiti kimoja, mimi na mwenzangu, kwenye ofisi ya malipo ya kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Dodoma. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga. Yeye alihitaji siku za kwenda Kongwa kumuuguza mama yake. Badala ya mmoja wetu kuacha kazi, tulimwomba bosi nafasi ile ishikwe na watu wawili, kila mmoja kwa nusu wiki. Nikiulizwa leo pa kuanzia, nasema anzeni na makabidhiano kabla hamjagusa mshahara.

Sisi tulianzia kwenye hesabu ya siku. Ofisi ilifungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa moja ya chakula, jumla saa 40. Nikachukua Jumatatu, Jumanne na Jumatano hadi saa 6 mchana. Yeye akaanza Jumatano saa 7 mchana hadi Ijumaa jioni. Saa 20 kwa 20, kila mtu akaridhika. Hatukuona kwamba tumejipangia tusikutane kabisa. Mimi natoka saa 6, yeye anaingia saa 7, na katikati kiti kiko kitupu.

Mwezi wa pili tukalipa ankara moja mara mbili. Ilikuwa ya saruji, shilingi 1,260,000. Nakala ya karatasi ilimfikia mwenzangu Ijumaa, akailipa. Jumatatu msambazaji akatuma nakala ileile kwa baruapepe. Nikafungua daftari letu, nikakuta ameandika: "Nimeshughulikia ankara ya saruji." Nikadhani amehakiki tu bei na mzigo, maana mimi nikisema nimeshughulikia huwa namaanisha hivyo. Nikalipa. Tuligundua mwisho wa mwezi, tulipolinganisha vitabu vyetu na taarifa ya akaunti kutoka kwa msambazaji. Aliikata pesa ile kwenye mzigo uliofuata, lakini bosi alikuwa ameshaanza kusema watu wawili ni vurugu.

Tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, Jumatano mimi nikawa natoka saa 7 na yeye anaingia saa 6, tukapata saa nzima pamoja. Tulichagua saa ya chakula kwa makusudi, kwa sababu wateja hawaji na simu zimetulia. Yeye alikuwa anakula kabla ya kuja, mimi baada ya kutoka. Kila mmoja alifanya saa 5 mfululizo siku hiyo, na sheria ya kazi inadai mapumziko ya dakika 60 pale mtu anapofanya zaidi ya saa 5 mfululizo, kwa hiyo hatukuivunja.

Saa ile ina gharama, na msiifiche. Wiki ya watu wawili inakuwa ya saa 42, kila mmoja 21. Kama mshahara wa nafasi nzima ni 800,000, kila mmoja anapata 420,000 badala ya 400,000, na mwajiri anaongeza 40,000 kwa mwezi. Bosi alisita. Tukamwekea mezani ile ankara ya saruji, akakubali. Msikubali kuifanya saa hiyo bure, kwa sababu saa ya bure ndiyo ya kwanza kuachwa siku mvua inaponyesha.

Pili, tulipiga marufuku neno "nimeshughulikia". Kila jambo lililobaki wazi liliandikwa limefika wapi, hatua inayofuata ni ipi, lini, na nani ameahidiwa nini. Mfano: "Ankara ya nondo. Mzigo umehakikiwa, pungufu vipande 6. Haijalipwa. Msambazaji kaahidi kuleta Jumanne. Usilipe kabla hazijafika." Ankara iliyolipwa ilipigwa muhuri wa IMELIPWA palepale na namba yake kuandikwa daftarini, iwe ya karatasi au ya baruapepe.

Uandishi huo ulitufaa zaidi Jumatatu asubuhi, na hapo ndipo wengi wanapojisahau. Kwa wiki kuna makabidhiano mawili. La Jumatano mnaonana uso kwa uso. La Ijumaa kwenda Jumatatu hamuonani. Mwenzangu akishapanda gari la Kongwa, daftari ndilo linalosema badala yake. Alikuwa anatenga nusu saa ya mwisho ya Ijumaa kuliandika, na kuhesabu kisanduku cha matumizi madogo: noti na risiti kwa pamoja zifike 300,000. Jumatatu nilihesabu upya kabla ya kutoa hata mia, kisha nikasaini chini ya saini yake. "Mdogo wangu, usinionee haya, hesabu," aliniambia siku ya kwanza nilipositasita.

Kwenye mkataba, andikeni mmoja akiondoka itakuwaje. Sisi tuliandika kwamba anayebaki aulizwe kwanza kama anataka nafasi nzima, na akikataa, mwajiri atafute mwenza mpya bila kumgusa yeye. Mama yake alipozidiwa, mwenzangu alitoa notisi ya siku 28. Hizo ni Jumatano nne, na zote nne mtu mpya alikaa nasi pale mezani kuanzia saa 6 hadi saa 7, daftari likiwa wazi.