Mkanda wa taa kwenye dari ya jipsamu

"Sebule yangu Bamburi, ukingo wa dari wazunguka mita 15. Mkanda wa mwanga kiasi gani, draiva ya wati ngapi, na ile alumini yenye kifuniko cheupe ni lazima?"

Ikiwa ndiyo taa ya kila usiku, chukua wa volti 24, wati 10 kwa mita, unaotoa lumeni 900 hivi kwa mita. Kwa pambo tu, 400 zatosha. Mita 15 ni wati 150. Aliyejibu kabla yangu kwamba ununue draiva ya wati 150, hesabu kaipata, lakini draiva inayokazwa mpaka mwisho kwenye joto la juu ya dari hapa Mombasa haidumu. Nunua ya 200, uiweke penye hewa, mkono ufike.

Usipeleke umeme mita zote kutoka ncha moja. Nilifanya hivyo nyumba moja Kisauni, upande wa mlango ukawa hafifu. Nikakata vipande vitatu vya mita 5, penye alama ya mkasi, kila kimoja na waya wake kutoka draiva. Mwanga ukasawazika.

Alumini weka, inapoza mkanda. Kifuniko hula mwanga, na mkanda uliofichika hauhitaji. Ila dari ya rangi ya kung'aa huakisi nukta za taa moja moja. Jaribu na kipande cha mita moja kwanza.

— Zangu za bafuni zapepesa, ni draiva?

Huenda, au kiungo kimeingia unyevu. Pima volti kwanza, ndugu.