Alama za karaoke hazitakunyooshea toni: tumia simu kama shahidi

Mwanakwaya akiambiwa anashuka toni, mara nyingi hukimbilia programu ya karaoke, aimbe kila jioni na kusubiri alama zipande. Zinapanda kweli, lakini mazoezini mwalimu wa kwaya bado anamkunjia uso. Sababu ni kwamba alama hizo ziliwekwa kwa ajili ya mchezo. Chukua UltraStar Deluxe, programu ya bure ya karaoke kwa kompyuta. Katika ngazi yake rahisi, ukikosea kwa nusu toni mbili bado unahesabiwa umepatia. Katika ngazi ya kati unasamehewa nusu toni moja. Hata katika ngazi ngumu, sauti yako husogezwa kwanza kwenye noti iliyo karibu zaidi, kwa hiyo unaweza kuwa chini kwa karibu robo toni na ukachukua alama zote. Oktava nayo haiangaliwi.

Programu za karaoke za simu kama Smule zina shida nyingine mbili. Baadhi ya mapambo ya sauti yaliyomo ndani yake hunyoosha toni kabla hujasikiliza ulichorekodi, hivyo unasikia sauti iliyokwisha kutengenezwa. Ukizitumia kwa mazoezi, chagua kurekodi bila pambo lolote. Pili, nyimbo zake kwa kawaida hufuata sauti ya kwanza. Mwimbaji wa alto, tena au besi hatapata humo mstari wake, na huo ndio unaomsumbua.

Kinachofaa ni programu inayochora sauti yako kama mstari kwenye grafu, mfano wake ni Vocal Pitch Monitor. Noti zimepangwa upande mmoja kwa herufi na namba ya oktava, na unapoimba mstari unatembea juu yake. Nusu toni moja hugawanywa katika senti 100. Tofauti ya senti 5 wengi hawaisikii. Ikifika 30, aliyesimama pembeni yako kwenye kwaya anaisikia vizuri.

Maandalizi ni machache, ila usiyaruke. Weka simu umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, kwenye chumba kisicho na feni wala redio. Noti ya kuanzia au muziki wa kukuongoza upige kwenye kifaa kingine, nawe uusikie kwa spika za masikioni za waya, upande mmoja tu, sikio la pili libaki wazi. Ukiuachia muziki utoke hewani, maikrofoni itausikia na grafu itachora kinanda badala yako. Spika za Bluetooth huchelewesha sauti, nawe utajikuta unaburuta nyuma ya muziki bila kujua kwa nini.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea: usiimbe huku ukitazama skrini. Programu inahitaji muda kidogo kuitambua noti, kwa hiyo unachokiona kimeshapita. Isitoshe, ukiona mstari uko chini utaupandisha kwa jicho, na siku ya ibada hakuna skrini mbele yako. Imba simu ikiwa imegeuzwa, rekodi, halafu ndipo usome.

Tuchukue mfano wa alto katika ki ya G, yaani do ni G. Mstari wa solfa ni m m r d t, d. Kwenye grafu hizo ni B4, B4, A4, G4, F#4, G4. Tuseme baada ya kuimba unaona hivi: B ya kwanza iko mahali pake, ya pili iko chini kwa senti 15, A kwa 20, G kwa 30, F# kwa 45, na G ya mwisho kwa 40. Umemaliza karibu robo toni chini, ingawa ulianza sawa. Hakuna noti moja ya kulaumiwa; mstari mzima umeteleza kidogo kidogo.

Kabla ya kurekebisha, tazama umbo la kila noti. Ikiwa noti inaanza mahali pake kisha mkia wake unainama, tatizo ni pumzi: unaiachia kabla noti haijaisha. Hilo hutokea hasa noti inaporudiwa, kama hizo m mbili, kwa sababu mwimbaji hupumzika akidhani kazi imekwisha. Shika m moja kwa sekunde nane kwa silabi "nu", ukiisukuma pumzi kwa usawa, mpaka mkia ubaki mlalo. Kisha ikate ziwe m mbili bila kubadilisha chochote zaidi ya ulimi.

Ikiwa kila noti imenyooka lakini imekaa chini ya mahali pake, pumzi haina kosa. Hapo unapiga hatua ndefu mno unaposhuka. Kutoka d kwenda t, ni nusu toni tu, lakini sauti huzoea kudondoka kana kwamba ni toni nzima. Dawa yake ni kuanza mwishoni. Acha G iendelee kulia sikioni, uimbe d t, d polepole, kila noti sekunde tatu au nne, ukiisikia t, iking'ang'ania d. Ikikaa ndani ya senti 10 mara tatu mfululizo, ongeza r mbele: r d t, d. Kisha m, kisha m ya pili. Mwisho zima ile G, uimbe mstari wote peke yako, halafu uipige tena kwenye noti ya mwisho uone mmeachana kiasi gani.

Kuna umbo la tatu: ndoano. Mstari unaanza chini kisha unapanda kuitafuta noti. Huko ni kuanza kuimba kabla hujaisikia noti kichwani. Nyamaza kwa pigo moja, uisikie, ndipo ufungue mdomo.

Si kila kasoro ya grafu ni yako. Herufi kama s, sh na ch hazina toni, hivyo mstari hukatika au kuruka ovyo hapo. Sauti nzito za besi wakati mwingine huandikwa oktava moja juu kwa sababu programu imeidaka sauti-pacha iliyo ndani ya noti. Sauti inayotetemeka huchora mawimbi. Soma katikati ya wimbi.

Kupata mstari wako si kazi ngumu. MuseScore ni programu ya bure ya kompyuta: unaandika sauti zote nne, kisha kwenye Mixer unazima zile usizozihitaji na kupunguza mwendo. Anza na sauti yako peke yake, halafu ongeza besi kabla ya soprano, maana besi ndiyo inayokuonyesha do iko wapi.

Lipo pia jambo ambalo grafu itakudanganya nalo. Programu hupima kwa mgawanyo wa piano, ambamo mi iko juu kwa takriban senti 14 kuliko ile inayokaa safi kabisa juu ya do. Kwaya inayoimba bila kinanda, ikisikilizana vizuri, huishusha mi yenyewe. Kwa hiyo ukiishikilia mi juu ya do inayolia na grafu ikasema umepungua 12 au 15, huku masikio yako yakisikia utulivu bila mtetemo wowote, iache hapo. Ila ukiimba na kinanda, ifuate ya kinanda.