Invoisi inalingana na delivari, bei ni ileile, na bado unalipa mara mbili

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Musoma, mhasibu pekee kwenye kampuni ndogo. Anaandika: "Dada, kila invoisi niliyolipa nilikuwa na delivari yake, imesainiwa, idadi ileile, bei ileile. Sasa bosi anasema nimemlipa mtu mara mbili. Imekuwaje?"

Imekuwaje ni hivi, mdogo wangu: ulilinganisha karatasi mbili, invoisi na delivari, ukaiacha ya tatu ambayo ni oda, na ulizilinganisha moja moja bila kuangalia jumla. Nakujibu hapa ili na wengine wasome, kwa sababu mwaka huu invoisi za namna hiyohiyo zilipita mezani kwangu, nikazikamata kabla fedha haijatoka. Ninajivunia hilo na sitalificha.

Kampuni ninayofanyia kazi iko Kirumba, karibu na mwalo. Tunanunua dagaa wakavu, tunachambua, tunafungasha kwenye mifuko midogo, kisha mifuko inaingia kwenye maboksi. Maboksi tunaagiza kwa msambazaji wa Dar es Salaam mwenye ghala dogo hapa Mwanza. Oda yetu ilikuwa ya maboksi 5,000, kila moja shilingi 1,200 kabla ya VAT. Maneno "kabla ya VAT" niliyaandika mwenyewe kwenye oda, maana bei isiyosema kama kodi imo au haimo ni ugomvi unaosubiri siku yake. Jumla ikawa 6,000,000, na VAT ya asilimia 18 ni 1,080,000.

Lori la kwanza lilifika jioni. Delivari ilisema maboksi 3,000, yaani mabunda 120 ya maboksi 25. Mtunza stoo wetu akahesabu mabunda, akayakuta yote 120, lakini mabunda 8 ya pembeni yalikuwa yamelowa mvua njiani. Boksi la karatasi likishalowa halibebi tena uzito, ukilipanga chini linabonyea. Akayakataa. Kwenye delivari akaandika kwa mkono: "Yamefika 3,000, yamekataliwa 200 kwa kulowa, yamekubaliwa 2,800." Dereva akasaini chini ya maneno hayo, mabunda 8 yakarudi kwenye lori.

Siku chache baadaye ikaja invoisi kutoka ofisi ya Dar es Salaam: maboksi 5,000, jumla na VAT 7,080,000. Ukiilinganisha na oda, imekaa sawasawa hadi shilingi ya mwisho. Lori la pili likaleta maboksi 2,000, mazima yote. Baada yake ikaja invoisi nyingine, safari hii kutoka ghala la Mwanza: maboksi 2,000, jumla na VAT 2,832,000. Hii nayo, ukiilinganisha na delivari ya pili, ni ileile kabisa.

Sasa tazama. Invoisi ya kwanza ina oda inayoishuhudia. Ya pili ina delivari inayoishuhudia. Mtu mwenye haraka angelipa zote mbili, akaondoka na dhamiri safi, na kampuni ingetoa 9,912,000 kwa mzigo ambao thamani yake halali ni maboksi 4,800, yaani 6,796,800 pamoja na VAT. Tofauti ni 3,115,200.

Na hapa sikumwona mwizi. Ofisi ya Dar inatoa invoisi ikishapokea oda, ghala la Mwanza linatoa invoisi mzigo ukishashuka, na wawili hao hawasomi daftari moja. Ndiyo maana usisubiri kumshuku mtu ndipo ulinganishe. Yale maboksi 2,000 ya mwisho yalidaiwa mara mbili na watu waliokuwa wanafanya kazi yao kama walivyoelekezwa.

Kinachookoa ni kufuatilia kila mstari wa oda kwa jumla zake, tangu siku ya kuagiza hadi siku ya kuufunga. Mimi natumia Excel ya kawaida. Safu B ni idadi iliyoagizwa. Safu C ni jumla ya idadi iliyokubaliwa stoo mpaka leo, kwa delivari zote za oda hiyo. Safu D ni jumla ya idadi ambayo nimeshaikubali kwenye invoisi zilizotangulia. Idadi ninayoweza kuikubali leo inatoka hapa:

```
=MIN(B2,C2)-D2
```

Invoisi ya kwanza ilipokuja, B ilikuwa 5,000, C ilikuwa 2,800, D ilikuwa sifuri. Jibu: 2,800. Kwa hiyo kwenye invoisi ya 5,000, maboksi 2,200 hayakuwa na mzigo. Nikaandika D kuwa 2,800. Lori la pili lilipofika, C ikawa 4,800, jibu likawa 2,000, na invoisi ya ghala ikapita bila neno. Kama ningekubali ile ya kwanza yote, D ingekuwa 5,000 na jibu lingetoka −200, na kisha ndiyo ije invoisi ya pili. Ukiona hasi kwenye safu hiyo, ujue umeshakubali zaidi ya ulichopokea.

Hiyo MIN ina kazi ya pili. Msambazaji akileta 5,300 wakati uliagiza 5,000, fomula inakusimamisha kwenye 5,000. Zile 300 mtu mwenye mamlaka azikubali kwa kubadilisha oda, au zirudi. Mhasibu asiamue peke yake kwamba kwa kuwa mzigo umo ndani, basi ulipwe.

Idadi ikishapatikana, zidisha kwa bei ya oda, siyo bei ya invoisi. Zikitofautiana, invoisi inarudi.

Nikaandika barua pepe kuomba kredit noti ya maboksi 2,200, yaani 3,115,200 pamoja na VAT. Msambazaji akasema haiwezekani, risiti ya EFD imeshatoka kwenye mashine. Jibu langu lilikuwa kwamba hicho ndicho kinachofanya kredit noti iwe ya lazima. Risiti ile ilibeba VAT ya 1,080,000, na sisi tuliosajiliwa VAT hatuwezi kudai kodi ya maboksi ambayo hatukuyapata. Kumkata mtu fedha kimyakimya wakati wa kulipa, bila hati, kunaacha deni kwenye vitabu vyake na kodi isiyo na mzigo kwenye vitabu vyako.

Akampigia simu bosi wangu. Bosi akaniita mbele ya wenzangu, akasema nachelewesha malipo kana kwamba fedha ni zangu, nitatufukuzia wasambazaji. Nilimwonyesha karatasi tatu na ile safu ya Excel. Alinyamaza. Kredit noti ilikuja, tukalipa 3,964,800 kwa invoisi ya kwanza na 2,832,000 kwa ya pili, ikaisha. Lile neno la mbele ya watu halijafutwa na mtu hadi leo, na linaniuma. Wahasibu wa kampuni ndogo mnajua ninachosema. Ukizuia fedha isitoke unaonekana mkorofi, na siku ikipotea unaulizwa ulikuwa wapi.

Kwako wewe wa Musoma ambaye fedha imeshatoka: mwombe msambazaji stetimenti ya akaunti yenu, kisha panga kila invoisi chini ya namba ya oda yake, siyo kwa tarehe. Invoisi isiyo na namba ya oda ndiyo uianze. Ukishapata idadi iliyozidi, omba kredit noti na mkubaliane kwa maandishi ikatwe kwenye invoisi inayofuata. Mkimsubiri arudishe fedha taslimu mtasubiri sana.

Nirudi stoo, maana hapo ndipo kazi hii inaposimama au kuanguka. Delivari ni karatasi ya msambazaji, imeandikwa kwake kabla lori halijaondoka. Sahihi tupu juu yake inathibitisha alichokituma, haithibitishi ulichokipata. Bila yale maandishi ya mtunza stoo kuhusu maboksi 200, C yangu ingekuwa 5,000 na fomula ingenidanganya. Sisi nakala ya oda inayokwenda stoo haina idadi, ina jina la bidhaa tu. Mtu akishajua anatarajia 3,000, macho yanaiona 3,000. Na dereva akiharakisha kwa sababu giza linaingia, usisaini wazi. Andika "nimepokea mabunda 120, maboksi hayajahesabiwa", hesabu asubuhi, na matokeo yatumwe kwa msambazaji siku hiyohiyo.

Yale 200 yaliyorudi nayo yasiachwe hewani. Oda yetu ilibaki wazi kwa maboksi 200, maana yake invoisi ya 200 ingeweza kuja wakati wowote na ikaonekana halali. Tuliamua hatuyahitaji tena, tukamwandikia kuifunga oda, nami nikabadilisha B kuwa 4,800.

Jambo moja sitalinyamazia. Kuna ofisi ambazo oda inaandikwa baada ya invoisi kufika, ili faili likamilike. Ndugu zangu, acheni. Oda iliyonakiliwa kutoka kwenye invoisi italingana nayo daima, pamoja na makosa yake yote. Kagua tarehe: oda lazima itangulie delivari. Ikiwa imeandikwa baada ya delivari, una karatasi mbili tu, hata kama faili lina tatu. Na anayeagiza asiwe yule yule anayepokea na kulipa. Mkiwa wawili tu ofisini, mwenye kampuni asaini oda mwenyewe. Stoo na msambazaji wakikubaliana kuandika uongo, karatasi zote tatu zitalingana vizuri, na hapo dawa ni kwenda kuhesabu stoo bila taarifa.

Dagaa wenyewe hatuwanunui kwa njia hii. Pale mwaloni bei inabadilika asubuhi hiyohiyo, muuzaji hana invoisi, na huwezi kumwandikia oda. Huko tunatumia kikomo cha bei ambacho bosi anakiweka kabla mnunuzi hajatoka, uzito wa mizani yetu, na karatasi ya malipo aliyosaini muuzaji. Umeme na maji navyo havina oda. Tunalinganisha bili na usomaji wa mita tuliouandika wenyewe mwisho wa mwezi.